Muujiza wa Mama Lynn

Kwa maelezo ya Mama Lynn, Mungu alimtumia laki mbili akiwa anakatakata sukuma wiki. Simu ikalia, akasoma meseji ya benki, akapiga magoti hapo hapo jikoni. Jumapili mbili nyuma alikuwa amepanda mbegu ya sadaka kanisani, sasa mavuno yamefika. Na lile jina la aliyeweka pesa kwa meseji, mbona hamjui mwenyewe? Malaika hawana vitambulisho, akasema.

Hiyo ndiyo hadithi aliyotuambia sisi wapangaji wote wa ploti hapa Lanet, akiwa amesimama mlangoni na leso mpya.

Mimi nilimuuliza kitu kimoja tu. "Na mwenyewe akizitafuta?"

"Achola, wewe roho yako ni ya umaskini. Kama wamekosea, kosa ni lao. Mimi nimeiba kwa nani?"

Usiku huo sikulala vizuri, kwa sababu Mama Lynn ndiye mweka hazina wa chama chetu cha wamama, cha kuchangiana kwa zamu. Kusajili kikundi tuliona ni usumbufu, kwa hivyo elfu sitini zetu zilikaa kwa akaunti yake, kwa jina lake, Truphosa Nangila. Mwisho wa mwezi ilikuwa zamu yangu kuzichukua. Kuna friji ya mtumba mjini nilikuwa nimeongea na mwenyewe, ya kuuzia maziwa, akakubali kuniwekea.

Basi nikatazama muujiza ukiliwa. Kwanza alitoa shukrani kanisani, akashangiliwa, akasimama mara ya pili ili wale wa nyuma wamwone. Halafu akabeba watu hadi Kikopey kula nyama choma, mbuzi mzima, na shemeji yake Levis akatafuna mbavu akisema hii ndiyo maana ya kubarikiwa. Halafu kochi za kona, kubwa hata mlango wa nyumba ukabidi utolewe. Sasa ukiingia kwake unapita upande upande kama kaa.

Siku hizo benki ilikuwa inampigia. Nilimwona mimi mwenyewe akiangalia namba, akicheka, akaifunga isimpate tena.

"Ni wakora wa simu," akasema.

"Si uende benki uulize?"

"Niende kuamsha nyuki?"

Mwisho wa mwezi ukafika, tukaenda wote benki mjini ili nipewe pesa zangu. Alivaa viatu vya kulia sakafuni ko, ko, ko. Mhudumu wa dirishani akaangalia kompyuta, akamwangalia Mama Lynn, akatuelekeza kwa meza ya bwana mmoja anaitwa Kosgei.

"Mama, tumekutafuta sana," Kosgei akasema. "Karani wetu alikosea tarakimu moja ya namba ya akaunti. Hizo laki mbili ni za mfanyabiashara wa viazi. Tulitaka uzirudishe kwa amani. Hukushika simu, tukatuma meseji, tukangoja, halafu tukazirudisha wenyewe. Fomu uliyosaini ukifungua akaunti inaturuhusu."

"Si kosa ni lenu!"

"Kosa ni letu. Pesa si zako."

"Nilidhani ni wakora!"

"Hiyo ni sawa, usimtumie mtu pesa kwa simu kwa sababu amepiga. Lakini ungekuja hapa kwa tawi, tungekuonyesha. Usingeguswa hata shilingi."

Akageuza kompyuta. Alikuwa ametumia laki moja na elfu themanini. Benki ilipochukua zile laki mbili, ilikula na zile za chama, na bado akaunti ikabaki na deni la zaidi ya laki moja. Chochote kitakachoingia, Kosgei akasema, kitaanza na deni. Anaweza kuandika makubaliano alipe pole pole. Akikataa, na ionekane alijua si zake akazila, mambo yanaweza kufika polisi.

"Na za chama?" nikauliza. "Hizo si zake."

"Dada, hapa naona jina moja tu."

Mama Lynn akaanza kulia, akamwambia Kosgei kwamba ni majaribu. Yule bwana akamsukumia kalamu ya kusaini makubaliano.

Kesho yake nilikuwa nafua. Mama Lynn akaja na kiti kidogo, akaketi karibu na karai, leso ile mpya imefunika kichwa. Leo sauti ilikuwa ya chini, ile ya kuombea wagonjwa.

"Achola dadangu, wewe una akaunti. Jumamosi waambie wamama wa chama watume michango kwako. Sema tu yangu ina shida ya mitambo. Tukishika mbili tatu, friji yako tutaipata. Utanisaidia?"

Nyuma yake, kupitia pengo la mlango wake ambao haujarudishwa, niliona Levis amelala kwa kochi, miguu juu ya egemeo. Simu yangu ikaanza kulia kwa mfuko. Nikachungulia, ni yule mwenye friji.

"Achola? Si nakuuliza?"

Nikachukua shuka, nikaikamua.