Umbali Kutoka Kitovu

Ukumbi wa kulia wa shule ile ulikuwa umegeuzwa mahali pa kusahihishia mitihani. Meza ndefu kumi, kila meza watu wanane, na vijitabu vya majibu vikipita mkono kwa mkono kama matofali kwenye jengo. Kila mtu na swali lake. Swali la saba la fizikia, kwenye meza ya tatu, lilikuwa la mwalimu mmoja mjane ambaye wenzake walimwita Desimali, kwa kuwa hakuwahi kusamehe nukta iliyokaa pasipo pake.

Ilikuwa siku ya tatu. Mvua ilikuwa ikipiga mabati tangu alfajiri na taa za ukumbi zilikuwa na rangi ya maji ya mchele. Desimali alikwishapitisha vijitabu mia tatu na kumi na kimoja, na mkono wake ulikuwa umeshazoea: fomula, vema, umbali, vema, tarakimu, vema, jibu, vema. Au mkasi, mkasi, mkasi.

Swali lenyewe lilikuwa hivi. Setilaiti inaizunguka sayari mara moja kila baada ya saa mbili. Umbali wake kutoka kitovu cha sayari ni kilomita 8,000. Nusu kipenyo cha sayari ni kilomita 6,000. Kwanza, tafuta tungamo la sayari. Pili, tafuta densiti yake. Sehemu ya kwanza ndiyo aliyopewa Desimali, alama nne: moja ya fomula, moja ya umbali, moja ya kuweka tarakimu kwa mita na sekunde, moja ya jibu.

Fomula yenyewe aliijua kabla hajajua kupika. Muda wa mzunguko ukiupandisha mraba, na umbali ukiupandisha kipeo cha tatu, viwili hivyo huenda pamoja daima kwa kila kinachoizunguka sayari ile, na kinachovifunga pamoja ni tungamo la sayari iliyo katikati. Kwa hiyo unachukua nne mara pai mraba, mara umbali kwa kipeo cha tatu, unagawanya kwa namba ya mvutano iliyozidishwa kwa muda mraba. Hapo umeipima dunia nzima bila kuigusa. Alipolisikia jambo hilo mara ya kwanza, akiwa msichana mdogo, alidhani mwalimu anawatania.

Kijitabu cha mia tatu na kumi na mbili kilikuwa na mwandiko mdogo, umelala kidogo upande. Mtahiniwa alikuwa ameandika umbali mita milioni nane, si milioni kumi na nne kama ulivyosema mwongozo wa kusahihishia. Jibu lake lilikuwa kilo 5.85 × 10²⁴. Mwongozo ulisema 3.13 × 10²⁵. Desimali akapiga mkasi wa kwanza, kalamu ikawa inarudi kupiga wa pili, macho yakaanguka pembeni. Pale mtoto alikuwa ameandika, kama mtu anayejisemea peke yake: *Densiti inakuja 6,460. Kama mwamba wenye chuma ndani. Inaingia akilini.*

Kalamu ikasimama.

Akavuta kikokotoo, akachukua jibu la mwongozo, akaligawa kwa ujazo wa sayari. Kilo elfu thelathini na nne na mia sita kwa kila mita ya ujazo. Akarudia. Ile ile. Dhahabu haifiki hata elfu ishirini. Sayari ya mwongozo ilikuwa nzito karibu mara mbili ya dhahabu tupu.

Akalisoma swali upya, kidole kikifuata neno kwa neno. *Kutoka kitovu cha sayari.* Basi kilomita elfu sita za kujumlisha zilitoka wapi?

"Desimali, umeona jini?" aliuliza mwenzake wa kulia, mwanamume aliyeitwa Chupa kwa sababu haachani na chupa yake ya chai. "Vijitabu vinakungoja, bibie. Foleni imeziba."

"Chupa, kule shuleni kwenu wanajumlisha nusu kipenyo?"

"Sote tunajumlisha tangu tukiwa na nywele. Kimo juu ya uso wa sayari, jumlisha nusu kipenyo. Mzee Mraba katufundisha kwa fimbo, wewe hukuchapwa?"

"Soma swali."

Chupa akasoma. Akaacha kutafuna. Akasema taratibu, "Mama yangu wee," kisha akajifanya anamimina chai.

Vijitabu mia tatu na kumi na kimoja. Alikuwa amewapiga mikasi waliosoma swali, na kuwapa vema waliokariri. Naye hakulisoma swali hata mara moja. Hakuona haja. Mwongozo ulikuwa wa Mzee Mraba.

Mzee Mraba ndiye kiongozi wa jopo la fizikia, mtunzi wa maswali kwa miaka kumi na minane. Jina alilipata darasani, kwa kuimbisha wanafunzi "muda mraba!" mpaka madirisha yatetemeke. Ndiye aliyekwenda nyumbani kwa kina Desimali, akakaa sebuleni tangu asubuhi hadi adhuhuri, mpaka baba mtu akakubali binti asome sayansi. Desimali alipofiwa na mumewe, ni Mzee Mraba aliyesimama kando yake kaburini amemshika kiwiko. Desimali alikuwa akimwita baba, na halikuwa jina la heshima tu.

Akakichukua kijitabu kile, akamwomba Mungu ulimi mwepesi, akaenda.

Mzee alikuwa kwenye chumba kidogo kando ya jiko, koti mabegani, miwani machoni, na mikono ikipapasa mezani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nisaidie, miwani yangu imekwenda wapi?"

"Umeivaa, baba."

"Aa!" Akacheka. "Uzee huu! Mume wako hajambo?"

Ilikuwa mara ya pili wiki ile. Mara ya kwanza Desimali alidhani hakusikia vizuri. "Yuko kwa Mungu, baba," alisema. "Mwaka wa pili sasa. Ulikuwepo."

Mzee akamtazama kitambo. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo, nilikuwepo." Lakini macho yake yalikuwa bado yanatafuta.

Desimali akaweka swali mbele yake na karatasi tupu. "Baba, nifanyie hili la saba. Nimekwama."

"Wewe ukwame?" Akafurahi, akashika kalamu. Fomula ikatoka kama maji. Halafu akaandika: elfu nane, jumlisha elfu sita.

"Umbali huo unaanzia wapi, baba?"

"Juu ya uso. Setilaiti iko juu, nusu kipenyo iko chini, unajumlisha. Mtoto wa darasa la kwanza anajua."

"Swali linasema kitovu."

Akasoma. Akaitikia kwa kichwa. Akachukua karatasi mpya, akaandika: elfu nane, jumlisha elfu sita.

Mara ya tatu Desimali alimshika mkono kabla haujafika kwenye alama ya kujumlisha. Ulikuwa mkono mwepesi, wa baridi. Mzee akalitazama neno lile muda mrefu, na uso wake ukawa kama nyumba ambayo taa zinazimwa chumba baada ya chumba.

"Nani ametunga swali hili?" akauliza.

"Wewe, baba."

"Nilitaka..." Akafumba macho. "Kila mwaka nawapa kimo juu ya uso. Mwaka huu nikasema, niwape kutoka kitovu, nione nani anasoma na nani anakariri. Ulikuwa mtego."

"Mtego mzuri."

"Nimenasa mwenyewe." Mvua ikazidi. Kisha akanong'ona, na Desimali hakuwahi kumsikia akinong'ona: "Usimwambie mtu, mwanangu. Zimebaki siku sita nistaafu. Wakijua hili watajua na mengine. Huwa napotea njia ya kurudi nyumbani. Jirani ananileta."

"Baba, na watoto? Huyu hapa kapatia, nami nimempiga mkasi."

"Alama tatu. Alama tatu hazimuui mtu."

"Ni wewe uliyenifundisha kwamba zinaua."

Desimali akasema, "Twende sote kwa Afisa wa mitihani. Wewe utangulie kusema. Mtu akijisahihisha mwenyewe si aibu."

Mzee akageuzia uso ukutani.

Desimali akarudi mezani, lakini hakusahihisha. Vijitabu vikarundikana mbele yake, na kiongozi wa meza akaguna. Aliwaza kuwapa alama kimyakimya waliopatia. Lakini meza tisa nyingine nazo zilikuwa na swali la saba, na vituo vingine pia. Huruma yake ingewafikia watoto wa meza moja tu. Mpaka saa nane mchana alingoja mlango wa kando ya jiko ufunguke. Haukufunguka.

Akainuka.

Afisa wa mitihani, mwanamke mnene asiyependa maneno mengi, alisikiliza, akakokotoa mwenyewe, kisha akaiweka kalamu chini kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Swali na mwongozo vilihakikiwa," alisema. "Watu watatu wametia saini."

"Ni nani hao, mama?"

"Wanafunzi wake." Akapumua. "Nani angemkagua Mzee Mraba?" Halafu akauliza, "Ni kuteleza tu, au kuna zaidi?"

Hapo Desimali angeweza kusema ni kuteleza. Neno lilifika mdomoni. Lakini kulikuwa na miongozo ya karatasi nyingine mbili za fizikia, yote ya mkono ule ule.

"Kuna zaidi," alisema. Akalia, bila sauti, huku Afisa akiinua simu.

Saa kumi kazi ilisimamishwa. Mwongozo mpya ukabandikwa ukutani: umbali ni milioni nane, jibu 5.85 × 10²⁴, swali la saba lirudiwe lote. Waliokuwa wamejumlisha wangebaki na alama ya fomula peke yake. Ukumbi mzima uliguna. Mtu wa meza ya tano akasema kwa sauti ya kusikika, "Wengine hula mkono uliowalisha." Chupa akamjibu, "Ulisoma swali wewe? Basi kunywa chai unyamaze." Lakini hata yeye hakumtazama Desimali usoni.

Gari lilimngoja Mzee mlangoni. Desimali alimshikia mwavuli. Alimshika kiwiko, kama naye alivyoshikwa siku ile. Walitembea polepole, wakikwepa madimbwi. Mzee hakuuliza nani amesema.

Mlangoni mwa gari akasimama. Macho yake yakawa safi ghafla, yale ya zamani.

"Yule mtoto aliyepatia. Umempa ngapi?"

"Nne kwa nne, baba."

"Alipima densiti?"

"Alipima."

"Basi hakukariri." Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Huyo msimpoteze."

Desimali hakumwambia kwamba kijitabu hakina jina, kina namba tu. Alimwingiza garini, akamfunga mkanda, akamwekea mkoba mapajani. Dereva akawasha gari. Mzee akateremsha kioo, mvua ikampiga usoni, akatabasamu kwa adabu kama mtu anayeaga nyumba aliyokaribishwa.

"Mume wako hajambo?"

Siku nzima Desimali alikuwa amesema kweli, na kila kweli ilikuwa imekata mahali.

"Hajambo, baba," alisema. "Anakusalimu."

Gari likaondoka. Akaukunja mwavuli, akarudi ukumbini, akavuta kijitabu cha kwanza kati ya vile mia tatu na kumi na kimoja. Mtoto alikuwa amejumlisha. Akafuta vema ya umbali, akafuta ya tarakimu, akafuta ya jibu.

Akavuta cha pili.