Kidogo Ni Ngapi?

Jirani yetu muuza mkaa anasema baba mdogo alipiga magoti benki. Anasema alilia mpaka ofisa mikopo naye akalia, mlinzi akaweka rungu chini akalia, ikabidi benki ifungwe mapema. Kila anayekuja kununua mkaa anapewa hadithi hiyo kama nyongeza.

Mimi nilikuwepo. Baba mdogo hakulia. Alipiga chafya, kwa sababu ya ile baridi wanayoiwasha mle ndani, na unga aliokuwa nao kwenye nyusi ukaruka ukatua juu ya meza ya ofisa. Machozi yenyewe ndiyo hayo.

Lakini barua ililia, hilo silikatai.

Baba mdogo ndiye aliyenilea baada ya baba yangu kufariki, na mimi ndiye ninayekaa mlangoni mwa mashine yake ya kusaga, napima madebe na kupokea hela. Mashine aliinunua kwa mkopo, na mashine yenyewe ndiyo dhamana. Daraja lilipobomoka, wateja wa ng'ambo ya mto wakaacha kuja. Marejesho ya miezi miwili yakapita hivihivi. Benki ikaleta notisi: siku kumi na nne, la sivyo mashine inakwenda kwenye mnada.

Baba mdogo akakimbilia kwa Kalamu, yule anayewaandikia watu barua kando ya duka la kutoa kopi. Kalamu analipwa kwa ukurasa, kwa hiyo kwake hakuna shida fupi. Aliandika kurasa nne. Ya kwanza ilisema baba mdogo ni mja dhaifu aliyezungukwa na tufani za dhiki, hana hata senti. Ya pili ilikuwa ya husuda za majirani. Ya tatu aliitamka baba mdogo mwenyewe, maana aibu ilikuwa imeanza kumshika: "Hata hivyo mimi si mtu wa kukosa, na mashine yangu inanguruma kama simba." Ya nne iliomba avumiliwe kidogo, apewe muda kidogo, naye atalipa kidogo kidogo.

Ofisa mikopo alikuwa dada mmoja mwenye miwani, mpole. Aliisoma yote bila kukunja uso. Kisha akachukua kalamu nyekundu.

"Mzee, ukurasa wa kwanza huna senti. Wa tatu unanguruma. Nimpeleke yupi kwenye kamati?"

"Wote ni mimi, mwanangu."

"Na hii 'kidogo', nimeihesabu mara saba. Kidogo ni ngapi?"

Baba mdogo akafikiri. Akainua mkono, akaachanisha kidole gumba na cha shahada. "Hivi."

"Kamati haisomi vidole, mzee." Alisema taratibu, lakini niliona mdomo unamcheza. "Kaandike mambo matatu. Kimetokea nini. Unaomba nini. Unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi, na kitatoka wapi. Ukurasa mmoja unatosha. Siku zimebaki tisa."

Njiani baba mdogo alinuna. Tulipofika nyumbani akatangaza kwamba anarudi kwa Kalamu, safari hii amwambie aandike kwa wino mweusi.

"Nitakuandikia mimi," nikasema.

"Wewe? Si uliishia shule ya msingi?"

"Na Kalamu aliishia wapi?" mama mdogo akadakia kutoka jikoni. "Kituo cha polisi! Mwache mtoto aandike, daftari analo yeye."

Daftari ninalo kweli. Kila debe napiga mstari mmoja. Tukakaa kando ya mashine iliyozimwa, mimi na peni, baba mdogo na manung'uniko.

"Andika nimeonewa."

"Na nani?"

"Na daraja."

"Lilibomoka tarehe ngapi?"

Hakuijua. Daftari liliijua: siku ile mistari ilishuka kutoka hamsini na tano hadi thelathini na nane, na haikupanda tena. Nikaandika hivyohivyo, na kwamba ofisi ya barabara inasema daraja litakamilika baada ya miezi mitano. Shida yetu yote ikaenea kwenye mistari minne. Baba mdogo akaigeuza karatasi kutazama nyuma.

"Mbona dhiki yangu imekuwa fupi hivi? Watadhani sijateseka."

"Watateseka wao wakiisoma ndefu," akasema mama mdogo.

Tukaja kwenye uwezo wa kulipa. Hapo ndipo vita ilipoanza.

"Andika laki tatu kwa mwezi," akasema. "Mwanamume hatoi ahadi ya kitoto."

"Marejesho ya kawaida ni laki tatu na nusu, na hayo ndiyo yaliyokushinda."

"Madebe thelathini na manane kwa siku, elfu moja kila debe! Piga hesabu!"

Nikamwonyesha vile vistari vilivyozungushiwa duara. Vinne kila siku. Kwetu tunaviita madebe ya heshima: la mama mkwe wake, la fundi aliyefunga mashine, na mawili ya wazee wa jirani. Yanasagwa bure.

"Hayo nayo ni madebe," akasema.

"Ni madebe, lakini hayana hela. Na umeme yanakula kama mengine."

"Heshima ni mali!"

"Basi mpelekee mwenye umeme heshima," akasema mama mdogo.

Yanayolipwa ni thelathini na manne. Kwa siku ishirini na sita za kazi, laki nane na elfu themanini na nne. Nikatoa umeme wa madebe yote, nikatoa pango, nikatoa mshahara wa msagaji, nikatoa matumizi ya nyumbani, ambayo mama mdogo aliyataja huku akimkodolea mumewe macho. Ikabaki laki moja na elfu hamsini na tisa. Baba mdogo akalitazama lile jibu kana kwamba ni mimi niliyelizaa.

"Ukiahidi laki tatu," nikamwambia polepole, "mwezi wa kwanza utalipa. Wa pili utauza kitanda. Wa tatu watakuja tena, na safari hiyo hawatataka barua."

Akalifunga daftari, akalifungua tena. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo jirani hajawahi kuisikia, "Andika laki na nusu."

Basi nikaandika: anaomba alipe laki moja na nusu kwa miezi sita, kisha arudie marejesho ya zamani, na tarehe ya mwisho ya mkopo isogezwe mbele miezi saba ili yale yaliyopungua na ile miezi miwili iliyopita vilipwe vyote, pamoja na riba yake. Hakuomba kusamehewa hata senti. Tukaambatisha kopi za daftari, risiti za umeme, na barua ya ofisi ya barabara. Neno kidogo halikuwemo.

Ofisa aliisoma mara moja. Alipofika katikati akavua miwani.

"'Madebe manne ya heshima hayalipiwi, hatukuyahesabu.' Ni nini haya?"

"Nimwambie ayafute?" baba mdogo akaniegemea, akinong'ona kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia.

"Yaacheni," ofisa akasema, akicheka. "Anayetaja hasara yake mwenyewe, hesabu zake zinaaminika. Na hii laki na nusu, mzee, anza kulipa leo. Usingoje jibu." Akagonga muhuri kwenye nakala yetu. "Kamati inakaa siku ya nane kuanzia leo."

Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. "Dada, notisi inaisha baada ya siku tano."

Tabasamu likamwishia usoni. Akaitazama notisi, akaitazama kalenda.

"Tunaomba mnada usubiri kamati," nikasema. "Siku tatu tu."

"Hilo si langu. Ni la bosi, juu."

Akainua simu, akabonyeza namba. Baba mdogo akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Tukaisikia simu ikiita ghorofani, juu ya vichwa vyetu, ikaita mpaka ikakatika. Ofisa akabonyeza tena.