Ngozi Isiyovimba

Mtoto aliamka na vipele vitatu shingoni, vimefuatana kama vimepangwa. Mama yake akasema ni viroboto, akamkimbiza paka wa jirani kwa ufagio. Bibi akacheka.

"Kiroboto huuma miguuni, mwanangu, tena ukimgusa anaruka. Hawa ni kunguni. Njoo uone."

Bibi, mama mzazi wa baba wa mtoto, alifua mashuka ya gesti nusu ya maisha yake. Chumba alichopanga kilipobomolewa akahamia hapa, akalala na mjukuu: mtoto kitandani, yeye chini. Hakuwa na pengine pa kwenda. Alifunua mshono wa godoro la mtoto, akaonyesha vidoa vyeusi, magamba ya kunguni waliojivua, na mmoja mnene aliyeshiba damu.

Mkwewe akarudi nyuma. Halafu akamkagua mzee shingoni na mikononi.

"Mbona wewe huna hata kipele?"

"Wananiuma. Ngozi yangu haivimbi tu. Angalia shuka langu, damu hiyo."

"Aa wapi! Hawakuvimbishi kwa sababu mmezoeana. Umekuja nao kwenye furushi lako."

Upuuzi mtupu! Kitanda chenyewe mama huyo alikinunua mnadani mwezi uliopita, cha mbao, kimeshatumika, akajigamba mtaa mzima. Hilo likasahaulika. Na baba wa mtoto, mwanamume mzima na masharubu yake, akainamia simu.

Furushi likachomwa uani pamoja na godoro.

"Zichemsheni nguo tu," Bibi aliomba. "Maji ya moto yanaua kunguni na mayai yake. Hizo ni kanga za marehemu dada yangu!"

Mkwewe akaongeza mafuta ya taa.

Jioni likaja godoro jipya, likawekwa juu ya kitanda kilekile. Bibi akainama. Nyufa za mbao na matundu ya skrubu yalikuwa yamejaa vidoa. Kitanda hicho kilitakiwa kufunguliwa vipande vipande, kila ufa umwagiwe maji yanayochemka, na kazi irudiwe mayai yaliyobaki yakianguliwa.

"Mwanangu, hicho kitanda..."

"Mama, basi!" Mwanawe hakumwangalia usoni. "Tumeamua uondoke. Mama mdogo atakupokea."

Mama mdogo, mdogo wake Bibi, alikuwa amekwisha kukataa mara mbili, na wote walijua.

Mtoto akapanda kitandani, akajinyoosha kwenye shuka safi. Alimpenda bibi yake kuliko mtu yeyote nyumbani humo.

"Bibi, hawataniuma tena?"

Kwenye ufa karibu na mto, kunguni mmoja alikuwa akijisogeza ndani. Bibi alimwona vizuri. Akamtazama mwanawe, akamtazama mkwewe aliyekuwa akimsubiri atoke ili afagie alipolala. Hasira ikaushinda hata upendo wake kwa mjukuu.

"Hawatakuuma," akasema, akamfunika mpaka shingoni. "Lala."