Hatua ya Kwanza: Tengeneza Nakala

Mpango wa somo wa Madam Nyanchera, mwalimu wetu wa kompyuta, ulikuwa ukurasa mmoja na nusu. Katika Kidato cha Tatu chote ni mimi peke yangu niliyeusoma hadi mwisho, kwa kuwa niliuchukua mezani kwake siku moja kabla ili nijue atakachouliza. Kwa hiyo siwezi kusingizia ujinga.

Mada ilikuwa kukata picha na rekodi za sauti kwa usalama kwenye kompyuta za pamoja. Hatua ya kwanza: tengeneza nakala, ufanyie kazi nakala. Hatua ya pili: hifadhi kwa jina jipya. Hakuwa akitutania. Shule yetu, juu ya Nyacheki katikati ya mashamba ya chai, ina kompyuta kumi na mbili, na sote tunaingia kwa jina moja, "mwanafunzi". Folda ya yeyote ni folda ya wote.

Tulitakiwa kuleta rekodi ya mtu wa nyumbani akieleza kazi yake. Sheria ya maabara ni kwamba mafaili ya kadi yoyote ya kumbukumbu ya kutoka nje huhamishiwa kwenye kompyuta, kisha kadi hufutwa yote, kwa hofu ya virusi. Kadi ya mwenzetu Mokeira ilifutwa vivyo hivyo. Ndani yake kulikuwa na dakika kumi na nne za baba yake, Mzee Masese, akieleza namna ya kupogoa chai. Mzee alizikwa Agosti. Mokeira alitaka kupunguza kelele za ng'ombe, ili Jumapili ya wazazi kututembelea, mama yake asikie sauti ya mumewe tu. Hayo aliyajua Madam peke yake. Sisi wengine tulijua kuna mzee fulani anayekohoa sana.

Madam alianza na picha. Aliiweka kwenye hati, akaikata hadi uso wa jirani aliyesimama pembeni ukatoweka. Kisha akabonyeza pa kurejesha, na jirani akarudi mzima. "Mnaona? Ukikata picha ndani ya hati, kilichokatwa bado kimo," alisema. "Usimtumie mtu hati hiyo ukidhani umeficha."

Lilikuwa onyo. Mimi nililipokea kama ruhusa. Kama jirani amerudi, niliwaza, basi kila kinachokatwa hurudi.

Madam alipokuwa upande wa pili, nilifungua rekodi ya Mzee Masese. Sikutengeneza nakala; hatua ya kwanza niliiona ni ya waoga. Nilichagua sekunde nne za kikohozi kikubwa, nikaondoa mengine yote, nikahifadhi kwa jina lilelile, mahali palepale. Kompyuta, yenye adabu kuliko mimi, iliuliza kama kweli nataka kubadilisha faili iliyopo. Nilibonyeza ndiyo. Nikafunga programu, nikarudi kitini kwangu na uso wa shemasi.

Mokeira alipoibonyeza, mzee alikohoa, akanyamaza. Darasa lilicheka. Akabonyeza tena. Mara ya tatu hakuna aliyecheka, maana Mokeira alikuwa amesimama.

Niliinuka kwa madaha kuonyesha ufundi wangu wa kurejesha. Nilitafuta pa kurejesha, hapakuwepo. Nilijaribu kutengua hatua, lakini programu iliyofungwa haikumbuki hatua. Pipa la taka lilikuwa tupu: faili iliyobadilishwa kwa nyingine haipiti huko, huko huenda zilizofutwa.

"Ni wewe, Mokua?" Madam aliniuliza polepole. Hakupandisha sauti. Aliketi, akaandika kitu ukingoni mwa mpango wake, akakifuta. Baadaye alinieleza kwamba kuweka akiba, yaani kunakili mafaili yote kwingine, kulipangwa dakika ya thelathini na tano ya somo. Wakati huo ilikuwa ya ishirini na mbili.

Bosire, fundi wa kutoka mjini Kisii, aliichukua kompyuta pamoja na ile kadi siku mbili. Alirudi akisema alipata vipande vya mafaili ya watu wengine, ya mzee hakuna.

Nilimwomba Mokeira msamaha nje ya jikoni. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mimi sitamwambia mama," alisema. "Utamwambia wewe."

Jumapili mama yake alifika mapema, amevaa sare ya kanisa ya Sabato ya jana, imepigwa pasi upya. Mokeira alimleta hadi mlango wa maabara nilimokuwa nikisubiri, akabaki nje akiangalia chai. Mama aliketi mbele ya kompyuta, akasogeza kitambaa cha kichwani nyuma ya sikio.

"Ni wewe fundi wao?" alinisalimia kwa mkono wa baraka. "Mwanangu, niwekee kwa sauti ya chini kwanza. Sijamsikia tangu Agosti."

Nilifungua kinywa nimwambie, macho yangu yakiwa kwenye kioo cha kompyuta. Alifikiri ninatafuta faili, akanisubiri bila haraka.