Jalada la Kilo Arobaini na Moja

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, Mzee Vuai, mtunza masjala wa mahakama mjini Wete, alipokea jalada la kesi ya Bi Mwanapili Kificho, akaliandika katika daftari, kisha akataka kulipeleka kabatini, likamshinda kunyanyua. Ndani mlikuwa na karatasi kumi na mbili tu. Vuai alikaa kwanza, akamaliza chai yake na kipande cha mkate wa kumimina, halafu akamwita Mabruki tarishi. Walilikamata huku na huku, wakaliweka kwenye mizani ya masahani mawili ambayo mahakama iliirithi kutoka ghala moja la karafuu. Lilikuwa na kilo arobaini na moja. Vuai akauandika uzito huo katika safu aliyojichorea mwenyewe pembeni mwa daftari, akatia tarehe.

Hakuona ajabu. Katika miaka ishirini na miwili ya kazi yake alikwisha kupokea majalada manne ya namna hiyo. Mengine yote yalikuwa na uzito wa karatasi zake na pini zake, hata yale ya watu wakubwa, ambayo wenyewe walidhani ni mazito. Mabruki alipouliza sababu, Vuai alimweleza kama anavyomweleza mtu njia ya kwenda sokoni. Kanuni haina uzito, alisema. Kanuni ama inakuhusu ama haikuhusu, basi, hapana nusu wala robo. Kinachopimika ni ule msingi ambao kanuni imeukalia, na msingi huwa hausikiki mpaka kanuni iukalie vibaya.

Mambo yenyewe yalikuwa mepesi kuyaeleza. Huo ulikuwa mwaka wa pili baada ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Bi Mwanapili, mjane wa Mtambwe, alikuwa na kibali cha shamba la mikarafuu ishirini na saba, kibali alichokuwa nacho marehemu mumewe. Kanuni ya tisa ya vibali ilisema kwamba kila mwenye kibali afike mwenyewe ofisini kabla ya Juni kwisha, atie dole gumba katika daftari. Asiyefika, kibali chake kinakufa, na shamba anapewa mwombaji wa kwanza. Bi Mwanapili alifika. Alifika siku saba mfululizo. Karani wa vibali, Talal, kijana mwenye miwani na khati nzuri sana, alimwona kila siku akija, akakumbuka bendera ya upinzani iliyokuwa juu ya paa la mama huyo, akafunga dirisha. Tarehe mosi Julai, saa moja na nusu asubuhi, Talal alilifungua dirisha, na mwombaji wa kwanza akawa Talal.

Hapakuwa na kanuni ya kumkataza karani kuomba. Hapakuwa na kanuni ya saa za kufungua dirisha. Nakwambia, kanuni zote zilikuwa upande wake, zimekaa safu kama wageni wa harusi.

Kesi ilimwangukia Hakimu Ridha. Alikuwa mtu wa makini, mwenye watoto watano na hofu ya kuhamishwa, na hofu hiyo hakuificha hata kwa nafsi yake. Chuoni alikuwa amefundishwa kwamba sheria ni kanuni, na kwamba kanuni zikikatika hakimu hubaki peke yake, achague kwa busara yake kama mbunge mdogo. Hapa kanuni hazikukatika. Kwa hiyo aliandika hukumu ya kumpa Talal shamba, kurasa mbili, lugha safi, akaiweka kwenye sahani ya pili ya mizani, mkabala wa jalada. Sahani haikutikisika.

Akafikiri kwamba labda amekosea kutosema kwa nini kanuni ya tisa iheshimiwe. Akamkumbuka Mzee Mbarouk wa Micheweni, ambaye mwaka huohuo alikuja Wete na mguu mbovu, siku nzima njiani, ili dole lake liwahi daftari. Watu kama Mbarouk waliiamini kanuni kama ilivyoandikwa, na mtu anayepanga maisha yake kwa kufuata kilichoandikwa ana haki ya kukikuta kesho. Hakimu aliandika hayo katika karatasi moja, akaiongeza. Sahani ikashuka kidogo. Vuai akasoma: kilo kumi na nane. Ulikuwa uzito wa kweli, na hakimu aliuheshimu, lakini arobaini na moja ilibaki arobaini na moja.

Ndipo akajaribu upande mwingine, maana alimwonea huruma yule mama. Aliandika kwamba mjane apewe kila anachoomba, akaiongeza karatasi hiyo juu ya jalada. Mizani ikaipokea kama inavyopokea karatasi. Akaandika kwamba serikali isiyopendeza isitiiwe, kwa sababu siku hizo moyo wake ulikuwa na machungu. Hakuna kitu. Hakimu Ridha aliutazama mshale wa mizani kwa muda mrefu. Alikuwa anaweza kuandika lolote, na hakuweza kulitia uzito hata moja. Jambo hilo lilimtisha, kisha likampumzisha.

Wiki tatu zilizofuata alikaa masjala na hukumu kuukuu. Aliikuta ya mwenye shamba aliyeng'oa alama za mpaka, kisha akadai kwamba mpaka haupo; alikataliwa. Aliikuta ya mtu aliyemficha shahidi wa mwenziwe, kisha akataka kesi ifutwe kwa kukosa shahidi; alikataliwa. Akaikumbuka na ile inayojulikana na kila mtoto wa madrasa, kwamba aliyemuua mtu hamrithi. Hakuna hata moja iliyotaja vibali wala madirisha, na zote zilitoka kwa mahakimu waliokuwa hawajuani, wengine wakiwa makadhi. Lakini alipozipima mojamoja, zote zilivuta sahani upande uleule. Kilichozivuta kilikuwa kimoja: mtu hali matunda ya kosa lake mwenyewe. Hakuna aliyekitunga. Kila mmoja alikuwa amekikuta pale.

Siku ya kusikilizwa, Bi Mwanapili hakusema mengi. Alikaa na buibui lake limekunjwa magotini, akaulizwa kwa nini hakuweka dole.

"Siku saba nlikwenda, Bwana Hakimu, na siku saba kanfungia dirisha," alisema. "Miye sikuchelewa. Miti ile kaipanda babaake mume wangu, na ntu anoijua n'miye."

Talal hakukana. Wakili wake, Bwana Amur, mzee mpole wa ukoo uliokuwa na mashamba kabla ya mapinduzi, alijua sheria kuliko wote waliokuwamo. Alisema kwamba huo msingi alioutaja hakimu, wa mtu kutokula matunda ya kosa lake, ni mzuri kwa hotuba, lakini si sheria. Ushahidi ni kwamba mtu akiingia ardhi ya mwenziwe bila ruhusa, akakaa waziwazi mpaka muda uliowekwa ukapita, ardhi inakuwa yake. Basi huyo si amekula matunda ya kosa lake? Kama msingi unavunjwa na sheria yenyewe, msingi haupo.

Hakimu alimjibu taratibu. Kanuni ikikutana na jambo lisiloendana nayo, alisema, ama jambo hilo ni sharti la pembeni linalopaswa kuandikwa ndani yake, ama kanuni si sahihi. Msingi hauko hivyo. Katika ardhi iliyokaliwa muda mrefu, msingi huo ulipimwa na mwingine, kwamba ugomvi lazima uwe na mwisho, ukashindwa siku hiyo. Kushindwa si kufa. Unarudi nyumbani na uzito wako, na kesho unapimwa tena na kitu kingine.

Bwana Amur akainamisha kichwa kwa heshima, akatoa hoja yake ya mwisho, ambayo ndiyo iliyokuwa na meno.

"Mheshimiwa, ukitaka kutunga sheria, itunge, lakini sema kwamba unatunga. Na sheria inayozaliwa leo haiwezi kumkamata kijana huyu kwa jambo la Julai."

Ilikuwa hoja ya haki, na hakimu alijua hivyo. Akamwomba Talal akiweke kibali chake kwenye mizani. Talal akanyanyuka. Watu wa Wete walikwisha kuzoea kumwona anavyokwenda, bega la kushoto chini, la kulia juu, na mfuko wa shati umeshonwa upya na mkewe Shatha kwa kitambaa cha turubai. Alikitoa kibali kwa mikono miwili, karatasi moja iliyokunjwa mara nne, akakiweka. Sahani ikagonga meza. Kilo arobaini na moja.

"Kimekuwa hivi tangu lini?" hakimu aliuliza.

Talal aliivua miwani, akaifuta. "Tangu asubuhi ile, Mheshimiwa. Nlipokiandika tu."

"Basi leo hakijazaliwa kitu," alisema Hakimu Ridha. "Haki yake ulikuwa nayo mfukoni kabla hujaniona. Kazi yangu ilikuwa kusoma mizani."

Akahukumu kwamba kibali cha Bi Mwanapili hakikufa, na kwamba kanuni ya tisa haimwokoi aliyeifanya isitimizwe. Aliandika pia, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, kwamba kilo kumi na nane za Mzee Mbarouk zimezingatiwa, na kwamba lau Bi Mwanapili angechelewa kwa uzembe wake, zingetosha. Bwana Amur alimpa mkono Bi Mwanapili mlangoni. Alimwambia kwamba hukumu ni sahihi, na kwamba yeye alilazimika kusema aliyoyasema. Mama huyo akamshukuru, akamuulizia hali ya watu wa nyumbani.

Hukumu ililetwa Mtambwe kwa gari ya ng'ombe, na wanaume wanne wakaiingiza ndani. Kisha ikabaki kutekelezwa. Kanuni ya kumi na nne ya vibali ilisema kwamba amri ya mahakama huanza kufanya kazi pale karani wa vibali anapoigonga muhuri, dirishani, mbele ya mwenye haki. Karani alikuwa Talal. Rufaa hakukata, wala hakusema hukumu ina kosa. Alipoulizwa, alisema ni hukumu nzuri sana. Hakimu Ridha alimwandikia barua mbili. Kabla ya ya tatu alihamishiwa Unguja, kitengo cha leseni za baiskeli.

Bi Mwanapili alikwenda dirishani mwezi wa Agosti, akaenda Septemba. Mwisho alichoka kuichukua hukumu kwa gari ya ng'ombe kwenda na kurudi, akaiweka kitandani. Kitanda kikavunjika. Akaiweka sakafuni, na sakafu ya udongo ikaanza kubonyea, kidogo kila wiki. Jirani walipokuja kumjulia hali walikuwa wakiizunguka bila kuitaja, kama wanavyomzunguka mgonjwa aliyelala.

Msimu wa karafuu ulipoingia, bintiye Rahila alimkuta amekaa ukutani, akisikiliza sauti za wachumaji wakiitana juu ya miti. Talal alikuwa chini yao na jamvi lake, bega moja chini, akitenga makonyo, vile vijiti vya karafuu. Tangu hukumu alikuwa amezidi kuinama, na Shatha alikuwa amemchongea mkongojo.

Rahila alilia. Alisema kwamba yule hakimu heri asingewapa kitu, kuliko kuwapa haki isiyolika.

"Hakutupa," alisema Bi Mwanapili. "Ilikuwa yetu tangu hapo. Yeye kaiona tu." Mchumaji mmoja huko juu akacheka. "Na weye usilie. Kanchukulie ule nkeka tuutandike chini yake, udongo unaila."

Wakaikamata hukumu huku na huku, mama na mwana, wakaiinua kiasi cha dole moja. Mkeka ukapita nusu. Wakapumzika, wakaiinua tena.