Mkungu Haurudi Nyumbani

Adventina alikuwa mhasibu, na hakupenda kufanya hesabu mahali penye harufu. Ofisi yake ya chumba kimoja kule Rubwera ilinuka karatasi na wino wa mashine tu, na alitaka iendelee kunuka hivyo. Lakini Mzee Rwegoshora alikuwa amekataa kwenda Rubwera. "Atakayeandika habari za juisi yangu aje ainuse kwanza," alisema kwenye simu. Kwa hiyo Adventina alikuja Kituntu, akafungua kompyuta kwenye meza ya mbao mbele ya banda, hatua chache tu kutoka kwenye shimo la kuivishia ndizi. Shimo lilikuwa limefunikwa majani, na harufu ilipanda ikampata kabla hajabonyeza hata herufi moja.

Aliijua. Marehemu baba yake, Nestory, alifanya kazi hapa na Rwegoshora tangu ujana wao, miaka ambayo hapakuwa na chupa wala lebo, ila mtumbwi wa mti uliochongwa wa kukanyagia, ndizi zilizoiva na majani makavu. Wanaume wawili walikanyaga huku wakishikana mabega, na juisi ikitoka kwenye majani ikiwa safi na ya dhahabu. Adventina, akiwa na miaka sita, alipewa kibuyu kidogo cha kwanza. Tangu hapo hakupata kuonja kitu kitamu namna ile. Kama mtu mwenye akili alijua kwamba huenda ulimi wa mtoto ndio uliokuwa tofauti, wala si juisi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Rubwera hawapiki?"

"Wanapika, ila wanapima."

Kemirembe, mkewe Rwegoshora, alicheka kutoka jikoni. "Huyo ni Nestory mtupu. Baba yake naye alihesabu maharage kabla ya kuyatia chunguni!"

Shughuli yenyewe ilieleweka vizuri. Rwegoshora alitaka mkopo wa shilingi milioni arobaini, kwa miaka mitatu, anunue mashine ya kukamulia, ya kuchemshia na ya kujazia chupa. Dhamana ilikuwa kibanja chake cha ukoo, kile chenye migomba, kahawa na makaburi ya wazazi wake chini ya miti. Afisa mikopo wa benki, kijana mpole aitwaye Melkiory, alikuwa ameomba makadirio ya miaka mitatu: taarifa ya mapato, mizania na mtiririko wa fedha. Kisha akaongeza sharti. Mauzo yakishuka kwa moja ya tano, bado biashara ionekane inalipa. Kila shilingi moja ya rejesho iwe na shilingi moja na senti ishirini za kulikinga. Pungufu ya hapo, kamati isingejadili.

"Kwa nini moja ya tano?" Rwegoshora aliuliza. "Kwa nini wasiseme nusu, wanitie kaburini kabisa?"

"Kwa sababu moja ya tano ndiyo inayotokea, baba. Barabara ikiharibika, soko likipata chupa za bei ndogo, mauzo hushuka hivyo. Nusu ni msiba. Moja ya tano ni mwaka mbaya wa kawaida."

Alikuwa ameshaandaa hesabu Rubwera, na mbele ya wazee wawili alizisoma moja moja. Mauzo ya mwaka wa kwanza, milioni tisini: chupa elfu sitini za shilingi elfu moja na mia tano. Ndizi, milioni ishirini na nne. Chupa, vifuniko na lebo, milioni kumi na sita. Mishahara, umeme, mafuta ya gari, ada na kodi, milioni kumi na tisa. Fedha taslimu zilizobaki, milioni thelathini na moja. Rejesho la mwaka, mtaji na riba pamoja, milioni kumi na saba na laki tatu na nusu.

"Sasa, chupa zikipungua moja ya tano." Alibonyeza. "Mauzo yanakuwa milioni sabini na mbili. Lebo na vifuniko vinapungua kwa sababu hujazi chupa ambazo huuzi. Ndizi zinapungua vivyo hivyo. Mishahara, umeme na kodi nimeviacha palepale, kwa tahadhari. Zinabaki milioni ishirini na moja. Kila shilingi ya rejesho ina shilingi moja na senti ishirini na moja."

"Tumepita!" Rwegoshora alipiga paja lake. "Senti moja juu ya sharti! Kemirembe, leo chinja kuku!"

"Kuku gani, wewe umeshamkopea benki," Kemirembe alijibu, lakini alikuwa anatabasamu.

Wakati huohuo baiskeli ilisimama barabarani. Sibomana, mkulima wa kule Igurwa ambaye baba yake alikuja kutoka Burundi na kubaki, alishusha mikungu mitatu. Rwegoshora akaenda, akaikagua, akaipima kwa mizani ya kuning'inia, akalipa.

"Shimo limejaa," Sibomana alisema. "Leo hamkukamua?"

"Mashine ya mkono imevunjika mpini. Lete tu. Mkungu ukishafika hapa haurudi nyumbani."

Adventina alisikia sentensi hiyo na mkono wake ukasimama juu ya kompyuta.

Alikuwa ameisikia mara mia utotoni. Baba yake aliisema kwa kila mtu aliyefika na mzigo siku mbaya, mvua ikinyesha au wanywaji wakiwa wachache. Ilikuwa aibu kumwona mtu akirudi na ndizi zinazoiva begani, na majirani wakihesabu. Ndizi zilizozidi zilikanyagwa tu, zikawa rubisi, pombe ya ndizi, nayo ikagawiwa bure. Watu waliimba mpaka wakachoka, na hakuna aliyejiuliza nani aliyelipa. Miaka ile hakuna aliyedaiwa riba, kwa hiyo fadhila hiyo haikumwumiza mtu sana.

Alitazama tena mstari wa ndizi. Milioni ishirini na nne, kisha kumi na tisa na laki mbili. Kompyuta ilipunguza ndizi kwa sababu yeye ndiye aliyeiambia ipunguze. Alifanya alivyofundishwa darasani, kwamba malighafi hufuata mauzo. Alikuwa amekaa Rubwera, mbali na harufu, akasahau kitu alichokijua kabla hajajua kusoma.

Angeweza kunyamaza. Melkiory hakuzaliwa huku, na shimo la Kituntu halimo kwenye fomu yoyote ya benki. Senti ishirini na moja zilikuwa zimeshaandikwa.

"Baba," alisema mzee aliporudi kukaa. "Mwaka juzi, daraja lilipokatika na magari hayakupita, ulipunguza ndizi?"

"Nani? Mimi? Wale watu wanategemea nini? Mkulima kama Anonciata anasomesha watoto watatu kwa mikungu hii."

"Basi hesabu yangu ni ya mtu mwingine. Si yako."

Alirudisha mstari wa ndizi kwenye milioni ishirini na nne. Jibu likatoka: milioni kumi na sita na laki mbili. Senti tisini na tatu kwa kila shilingi.

Kemirembe alitoka jikoni, akasimama na mwiko mkononi.

"Hizo zinazozidi," Rwegoshora alisema polepole, "si zinabaki kuwa mali? Andika mali."

"Zingekuwa kahawa ningeziandika kwenye mizania kama akiba ya bidhaa. Faida ingependeza, ingawa fedha zingekuwa zimekwenda. Lakini juisi hii ikizidi inachacha, unagawa. Ni hasara ya mwaka huohuo. Benki hailipwi kwa faida ya kwenye karatasi, baba. Inalipwa kwa fedha."

"Kwa hiyo niwaambie Sibomana na Anonciata warudi nazo."

"Ukiweza, sharti limetimia."

Mzee alitazama shimo. "Nestory angekupiga kofi."

"Angenipiga akiona nimeificha hesabu hii."

Kemirembe ndiye aliyecheka, kicheko kikavu. "Mnabishana kana kwamba ni mikungu. Ni kibanja. Benki inataka sahihi yangu ya ridhaa, si ndiyo? Basi nisikilizeni. Siweki sahihi kwenye senti tisini na tatu. Mama mkwe wangu amelala pale chini ya mibuni. Nitamwambia nini, kwamba mwanawe alikuwa mkarimu?"

Adventina alijaribu njia nyingine moja baada ya nyingine, kwa sauti, ili wasikie. Miaka mitano ingetosha kwa raha, lakini Melkiory alishasema kwamba kwa mashine za aina hii benki yake haizidi mitatu. Kuacha mashine ya kujazia kungepunguza mkopo, ila pia kungehitaji watu zaidi, na mauzo yasingefika tisini. Mwishowe aliandika mkopo wa milioni thelathini, vitu vingine vyote vikabaki vilevile. Rejesho likashuka mpaka milioni kumi na tatu. Katika mwaka mbaya, na ndizi zote zikinunuliwa, shilingi moja na senti ishirini na nne.

"Inapita," alisema. "Lakini mashine ni milioni arobaini. Kumi lazima zitoke kwako, ziingie kama mtaji wako."

Hakuna aliyeuliza zitoke wapi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ng'ombe kumi na mmoja wa pembe ndefu, kizazi cha wale alioachiwa na baba yake. Rwegoshora alisikiliza wakikoroma kwenye zizi.

"Watatu wabaki," alisema baadaye. "Migomba haili karatasi, inakula samadi."

Wiki iliyofuata Melkiory alifunua makabrasha akasoma ukurasa wa dhana zilizotumika. Akarudi nyuma, akasoma tena.

"Dada, hapa kwenye mauzo kushuka. Ndizi hazijashuka. Umejishusha mwenyewe bure, watu wote hushusha."

"Soma maelezo chini yake."

Alisoma: mnunuzi hupokea ndizi zote za wakulima wake hata soko likidorora, ndivyo alivyofanya daraja lilipokatika. Alikuna kidevu. "Hii sijawahi kuiona."

"Ipo."

Kamati ilipitisha, kwa sharti kwamba milioni kumi za mwenye biashara ziwe benki kabla ya mkopo kutolewa.

Siku ya mnada Adventina alikuja tena Kituntu, ingawa hakuwa na karatasi ya kumletea mtu. Ng'ombe wanane walitolewa zizini asubuhi. Rwegoshora aliwataja kwa majina mmoja mmoja walipopita langoni, kwa Kinyambo, na Adventina alitambua mawili, kwa kuwa baba yake aliwaita majina hayo hayo ng'ombe wengine, waliokufa zamani. Kisha vumbi likatulia barabarani.

Kemirembe alimletea kikombe. Juisi ilikuwa ya jana, imekamuliwa kwa mkono, ya dhahabu. Alionja. Ilikuwa tamu, si tamu kama ile ya kibuyu. Akainywa yote.

Barabarani Sibomana alikuwa anashusha mikungu. Safari hii ilikuwa mitano.

"Shimo limejaa!" alipaza sauti.

"Nimeona," Rwegoshora akajibu, bado akitazama njia waliyopita ng'ombe. "Shusha."