Ufuta Juu ya Mabua ya Mtama

Bi Sikuzani alikwenda kwa Mwalimu Yunusi kuomba isomwe Albadiri, dua ya kumlaani mkosaji, juu ya mtu aliyeharibu ufuta wake. Jina la mtu huyo alikuwa amekwisha kulitaja kisimani mbele ya wanawake, na neno likitoka halirudi. Alikuwa ni Mahona, Msukuma aliyehamia kijijini Narung'ombe na ng'ombe wake miaka mitatu nyuma.

Kisa kilianza baada ya mavuno. Mahona alikuja kwa adabu kuomba ng'ombe wake wale mabua ya mtama yaliyobaki katika shamba la bondeni la Bi Sikuzani. Mjane huyo akakataa. Redioni alikuwa amesikia kwamba mabaki ya mazao yasichomwe, yarudishwe ardhini. Basi akayabeba kichwani hadi shamba la juu, akayarundika, na mvua zilipokolea akayakatakata na kuyafukia kwa mistari. Hayakutosha shamba zima, hivyo mstari mmoja ukapata mabua, unaofuata ukakosa. Wiki ileile akapanda ufuta kote.

Mistari iliyokosa mabua iliota ikapendeza. Iliyofukiwa mabua ikatoa miche michache, ya njano, mifupi kama iliyokatazwa kukua. Ufuta ndio uliomvisha na kumsomeshea wajukuu tangu marehemu mumewe aondoke, na nusu yake ilikuwa imekwenda.

Mwalimu Yunusi alimsikiliza hadi mwisho.

"Dada yangu, umemwona akiingia shambani?"

"Sikumwona. Lakini nilimnyima mabua, na pale pale penye mabua ndipo palipokufa. Ameniroga."

"Albadiri ikisomwa kwa asiye na kosa, humrudia aliyeiomba. Nenda katazame tena. Njoo Ijumaa ijayo."

Alitoka amenuna, lakini alikuwa mtu wa kumwogopa Mungu, na hofu ile ilimpeleka shambani alfajiri baada ya sala. Akakaa ukingoni, akatazama bila kushika jembe. Ndipo akaona jambo alilolipita kila siku: penye ufuta mzuri, magugu yalikuwa yamejaa, penye ufuta mbaya, hata magugu yalikuwa machache.

Mchawi gani huyu, akajiuliza, anayeniroga na kunipalilia?

Akafukua kwa mikono. Mabua yalikuwa yameoza nusu, yakiacha maji ya kahawia kwenye udongo. Nyumbani yalibaki mabua makavu ya kuwashia moto. Akakata machache, akayaloweka usiku na mchana, akachuja. Akachukua sahani mbili, kila moja kitambaa na mbegu ishirini za ufuta. Moja akailowesha kwa maji ya kisima, nyingine kwa maji ya mabua. Pembeni akaweka sahani mbili za kunde, kwa namna ile ile.

Siku ya tano akahesabu. Ufuta wa maji ya kisima ulikuwa umeota kumi na nane. Ule wa maji ya mabua, sita tu, na vijizizi vyake vifupi, vyeusi kwenye ncha. Kunde ziliota karibu sawa sahani zote mbili. Mbegu kubwa ina akiba yake, akafikiri, haitishiki upesi.

Akampigia simu bwana shamba wa kata, Eustakio, akamweleza. Yule alimjibu bila kushangaa kwamba mtama una sumu yake, mizizini ukiwa hai na katika mabua yanapooza, nayo huzuia mimea ya jirani, hasa yenye mbegu ndogo. Mabua yakipigwa na mvua wiki kadhaa, sumu hupungua. Mwaka ujao aache mabua yaoze mapema, na ufuta aupande palipotoka kunde au mbaazi.

Ijumaa hakurudi kwa mwalimu. Alikwenda kisimani asubuhi, saa ya foleni ndefu. Minza, mke wa Mahona, alikuwa amesimama nyuma ya wote, ndoo yake ikirukwa kila mara zamu yake ilipofika. Sikuzani alijua ni kwa neno lake.

"Sikilizeni," alisema, na ulimi ulikuwa mzito. "Nilisema Mahona kaniharibia ufuta. Si yeye. Ni mabua yangu mwenyewe, niliyoyafukia na kupanda juu yake. Nimejaribu kwa mikono yangu. Nimemsingizia mtu wa Mungu."

Saada, jirani yake, akatazama chini. Minza akasema taratibu, akimwita mama kwa Kisukuma:

"Mayo, ng'ombe wetu wangeyala mabua yale, ufuta wako ungekuwa salama."

"Najua, mwanangu. Ndilo linaloniuma."

"Mahona atacheka akisikia. Jana alisema tuhame."

"Msihame," Sikuzani akasema. "Mwambie nitakuja mwenyewe nimwombe radhi nyumbani kwake. Na mabua ya mwaka huu ni ya ng'ombe wake."

Saada akashika ndoo ya Minza, akaisogeza mbele ya zake.

Jioni mjane alipanda kunde kwenye mistari ya mabua, akizifukia moja moja.